Soseji, soda nyeusi na fosfeti isiyoandikwa kwenye pakiti

*"Mama yangu ana miaka 58 na anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Fosfeti yake imetoka 2.1, tumeambiwa iko juu. Maharage, choroko na dagaa tulishaacha miezi kadhaa iliyopita, lakini haishuki. Sasa tunaambiwa tuache na soseji za asubuhi pamoja na soda nyeusi. Pakiti ya soseji nimeisoma yote, hakuna mahali pameandikwa fosforasi. Soda nayo ni maji na sukari, na siku hizi anakunywa ile isiyo na sukari kabisa. Tatizo liko wapi hasa?" – Binti yake, Mwanza*

Pole kwa kuuguza, dada. Ushauri mliopewa ni sahihi, na ungefaa kutangulia ule wa maharage. Fosforasi ni madini, na fosfeti ni umbo lake ndani ya damu na kwenye viungo vya kiwandani. Fosforasi iliyomo kwenye maharage, zaidi ya nusu yake hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Ile inayotiwa kiwandani kwenye soseji na soda za kola huingia karibu yote. Mmekata chakula ambacho fosforasi yake ni ngumu kufyonzwa, mkabakiza kile ambacho yake hufyonzwa kwa urahisi kuliko vyote.

Tuanze na soseji, maana hapo ndipo penye kiasi kikubwa. Nyama ikisagwa na kupikwa hutoa maji na kusinyaa. Mtengeneza soseji hapendi hilo, kwa sababu anauza kwa uzito na mteja anataka soseji laini yenye majimaji. Kwa hiyo anatia chumvi pamoja na chumvichumvi za fosfeti, mara nyingi ile inayoitwa sodiamu tripolifosfeti. Fosfeti hii hupunguza kidogo uchachu wa nyama na kuzitenganisha nyuzi za protini zilizoshikana, ili protini zipate nafasi ya kushika maji na mafuta. Soseji ikiingia kwenye kikaango haichuruziki, na ukiikata haimeguki. Fosfeti pia hushika madini ya chuma yanayoharakisha mafuta kuchacha, kwa hiyo nyama hukaa muda mrefu bila harufu mbaya. Kazi yake kiwandani ni ya kweli, wala si hila. Sheria nyingi zinaruhusu, kwa kipimo. Marekani kikomo ni asilimia 0.5 ya bidhaa iliyokamilika, yaani gramu 5 kwa kila kilo. Ulaya nayo ina kikomo chake, ingawa hesabu yake hupigwa kwa namna nyingine.

Gramu 5 kwa kilo zinaonekana kidogo mpaka uzipigie hesabu. Robo ya uzito wa tripolifosfeti ni fosforasi tupu. Kwa hiyo soseji iliyotiwa kipimo hicho kamili ina kama miligramu 125 za fosforasi ya kuongezwa katika kila gramu 100, na hizo ni juu ya ile ambayo nyama yenyewe ilizaliwa nayo. Gramu 100 ni soseji mbili za kawaida.

Sasa kuhusu pakiti. Hukukosea kuisoma, ila ulisoma jedwali ambalo halina jibu. Jedwali la virutubisho linaonyesha nishati, protini, mafuta, sukari na chumvi. Fosforasi hailazimiki kuwekwa hapo, na watengenezaji wengi hawaiweki. Mahali pa kutazama ni orodha ya viungo, ile mistari ya maandishi madogo inayoanza na nyama na maji. Fosfeti huwa karibu na mwisho, kwa sababu viungo hupangwa kwa uzito kuanzia kizito. Pitisha kidole kwenye mistari hiyo ukitafuta herufi nne zilizofuatana, PHOS. Popote zitakapotokea, hata katikati ya neno refu usilolielewa, hiyo ni fosfeti. Wengine hawaandiki jina, wanaandika namba, pengine ikitanguliwa na herufi E au INS. Kwenye nyama tafuta 450, 451 na 452. Kwenye soda tafuta 338, ambayo ni asidi ya fosforiki. Namba 339, 340, 341 na 343 nazo ni fosfeti, za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Ile 340 iogopeni mara mbili, kwa sababu mgonjwa wa figo anabebeshwa potasiamu pamoja na fosfeti kwa wakati mmoja.

Ukishaiona utataka kujua imo kiasi gani. Pakiti haitakuambia, na hakuna njia ya kukisia kwa ladha. Kwa hiyo kwa mgonjwa anayesafishwa damu swali la "ni kiasi gani" huachwa, linabaki la "ipo au haipo".

Soseji za kupimiwa buchani hazina pakiti ya kusoma. Msijipe moyo kwamba kwa sababu zimetengenezwa hapohapo basi ni nyama tupu. Mabucha mengi hununua mchanganyiko wa unga wa soseji uliokwisha kuandaliwa, na mchanganyiko huo mara nyingi una fosfeti ndani yake. Mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko wa ule unga, usome viungo vyake kama unavyosoma pakiti. Akiwa hana mfuko wa kuonyesha, hesabu kwamba imo. Kuku wa kugandishwa naye anahitaji jicho, kwani baadhi hudungwa maji ya chumvi na fosfeti ili waongezeke uzito. Kuku mzima mbichi kiungo chake kimoja tu ni kuku. Ukikuta maji, chumvi na namba ya 451 kwenye pakiti yake, huyo amedungwa.

Sasa kwa nini maharage yasionewe. Fosforasi ya mimea, kwenye maharage, choroko, mahindi na karanga, sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa fiteti. Binadamu hana kimeng'enya cha kutosha tumboni cha kufungua fiteti. Ndiyo maana hufyonzwa asilimia 20 hadi 50 tu, kutegemea chakula na kilivyopikwa. Fosforasi ya nyama, samaki, mayai na maziwa imeshikamana na protini. Tumbo linaivunja vizuri zaidi, na hufyonzwa kama asilimia 40 hadi 60. Fosfeti ya kiwandani haijashikamana na chochote. Ni chumvi, inayeyuka kwenye maji ya tumbo na kupita moja kwa moja, na hufyonzwa asilimia 80 hadi 100.

Tuweke kifungua kinywa cha mama mezani tukipime. Nitachukua soseji mbili za jumla ya gramu 100 na chupa ya nusu lita ya kola. Soseji ikiwa na fosfeti ya kipimo cha juu, ile ya kuongezwa ni miligramu 125, na kwa asilimia 90 zinaingia kama 112. Nyama yenyewe, kwa kuwa soseji si nyama tupu, inaleta kama 110 nyingine, na kwa asilimia 60 zinaingia 66. Kola hutofautiana kwa chapa na nchi, ila nyingi huwa kati ya miligramu 10 na 18 za fosforasi kwa mililita 100. Tukichukua 15, nusu lita ina 75, zinaingia kama 68. Jumla iliyoingia kwenye damu ni kama miligramu 245.

Weka pembeni kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama gramu 170. Ukifungua jedwali la vyakula utakuta yana miligramu 240 hivi, na namba hiyo ndiyo inayowatisha watu. Lakini kwa asilimia 40 zinaingia 96. Kwa maneno mengine, kile kifungua kinywa kinamwingizia mama fosforasi ya vikombe viwili na nusu vya maharage. Hesabu hii ni ya makadirio. Soseji ya kiwanda fulani inaweza kuwa na nusu ya fosfeti niliyoiweka, na tumbo la mtu mmoja si la mwingine. Hata ukipunguza hivyo, soseji na kola bado ziko mbele.

Upande wa pili wa hesabu ni mashine. Usafishaji mmoja wa saa nne huondoa fosforasi ya kama miligramu 700 hadi 900. Kiasi hicho hakiongezeki sana kwa kukaza kasi ya damu, kwa sababu fosfeti nyingi ya mwilini haiko kwenye damu. Imo ndani ya chembe na mifupa, na inarudi kwenye damu polepole. Katika saa ya kwanza na ya pili mashine inavuta nyingi, baadaye inasubiri ile inayotoka ndani. Kinachosaidia zaidi ni saa nyingi kwenye mashine au siku nyingi kwa wiki. Mama anasafishwa mara mbili, basi tuseme mashine inamtolea 1,600 kwa wiki. Kile kifungua kinywa peke yake, kikiliwa kila siku, kinaingiza 245 mara 7, yaani 1,715. Usafishaji wote wa wiki umelipia asubuhi tu. Mchana na usiku bado havijahesabiwa, na hapo ndipo 2.1 inapotoka.

Hiyo 2.1 ni milimoli kwa lita, na maabara nyingine ingeiandika 6.5, kwa miligramu kwa desilita. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kama 0.8 hadi 1.45. Anayesafishwa damu ni vigumu kufika huko, lakini lengo ni kusogezwa karibu nako. Fosfeti ikiwa juu haimuumi mtu siku ile. Wengine huwashwa ngozi, wengi hawasikii kitu. Madhara yanajengeka ndani. Tezi nne ndogo za shingoni zinazotoa homoni ya paratiroidi hufanya kazi kupita kiasi na kuchota kalsiamu kutoka mifupani, mifupa inauma na kuwa rahisi kuvunjika. Kalsiamu na fosfeti hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu na vali za moyo, zikakakamaa. Moyo ndio unaowaua wagonjwa wengi wa figo, na mishipa iliyokakamaa ni sehemu ya sababu.

Wenye ugonjwa wa figo ambao hawajafika kwenye mashine nao linawahusu, ingawa vipimo vyao vinaweza kuwadanganya. Figo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake huku fosfeti kwenye damu ikisomeka vizuri tu. Mwili unaongeza homoni iitwayo FGF23, ambayo inazilazimisha figo zilizobaki kutoa fosfeti zaidi kwenye mkojo, na homoni hiyo ikiwa juu kwa muda mrefu huhusishwa na kunenepa kwa misuli ya moyo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipopitia fosfeti za vyakula mwaka 2019 iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikihesabu ya asili na ya kuongezwa pamoja. Ikasema wazi kuwa kikomo hicho hakiwahusu watu wenye figo zilizopungua nguvu kwa kiwango cha kati na kikubwa. Neno "imeruhusiwa" kwenye chakula lina maana ya watu wenye figo nzima.

Kuhusu soda isiyo na sukari, hapo wengi hukosea. Sukari imetolewa, asidi imebaki. Ile ladha kali ya kola inayochoma ulimi inatokana na asidi ya fosforiki, na aina isiyo na sukari nayo inaihitaji. Kwa mama, kama ana kisukari, kuondoa sukari kuna faida yake, ila kwa fosfeti hajapunguza kitu. Soda nyeupe za ndimu, za machungwa na za tangawizi kwa kawaida hutumia asidi ya sitiriki, ambayo haina fosforasi. Nasema kwa kawaida, kwa hiyo zisomeni nazo. Mkiona 330 peke yake ni asidi ya sitiriki, mkiona 338 irudisheni. Rangi nyeusi yenyewe haina hatia, ni karameli tu.

Kola ina tatizo lingine ambalo halionekani kwenye jedwali lolote, nalo ni saa inayonywewa. Kama mama ameandikiwa dawa ya kushika fosfeti, pengine vidonge vya kalsiamu kaboneti, dawa hizo hufanya kazi ndani ya utumbo tu, zikikutana na chakula. Zinashika fosfeti iliyopo pale, mtu anaitoa chooni. Ndiyo sababu humezwa au kutafunwa pamoja na chakula. Soda ya saa kumi jioni, mtu akiwa amekaa kibarazani bila sahani, inapita bila kukutana na kidonge. Na akimeza kidonge cha kalsiamu tumbo likiwa tupu, atafyonza kalsiamu asiyoihitaji na fosfeti haitakuwa imeguswa.

Usije ukafikiri basi aongeze vidonge ili aendelee na soseji. Gramu 1 ya kalsiamu kaboneti hushika kama miligramu 39 za fosforasi. Fosfeti ya kuongezwa kwenye soseji zile mbili na ile kola, kama miligramu 180 zinazofyonzwa, ingehitaji karibu gramu 5 za dawa kwa asubuhi moja, nje ya zile za chakula cha kawaida. Sehemu ya kalsiamu hiyo nayo inaweza kwenda kwenye mishipa. Kuacha soseji na kola kunamfanyia kazi ya gramu hizo 5 za dawa bila gharama na bila kufunga choo.

Kwamba hili linashusha namba kweli, limejaribiwa. Kaskazini mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, wagonjwa 279 wa kusafishwa damu waliokuwa na fosfeti ya juu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa kukwepa vyakula vyenye fosfeti za kuongezwa, dukani na kwenye mikahawa ya vyakula vya haraka, na kundi lingine likaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu kundi la kwanza lilikuwa limeshuka kuliko la pili kwa miligramu 0.6 kwa desilita, ambayo kwa kipimo cha mama ni kama 0.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Sifuri nukta mbili si muujiza. Ila hao walifundishwa kukwepa fosfeti za kuongezwa tu, na pengine si wote walioshika mafunzo sawasawa. Kwa mtu ambaye soseji na kola ni za kila siku, nafasi ya kushuka inaweza kuwa kubwa zaidi.

Sasa mle nini. La kwanza, msimwache mama bila protini. Anayesafishwa damu anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zaidi ya mtu ambaye hajafika kwenye mashine, kwa sababu nyingine hupotea katika usafishaji. Mkiwa mmeondoa maharage, choroko, dagaa, na sasa soseji, bila kuweka kitu, atakonda na albumini yake, protini ya kwenye damu, itashuka, na hilo lina hatari yake. Njia nzuri ya kupima chakula ni kuuliza kinaleta fosforasi kiasi gani kwa kila gramu ya protini. Soseji ile yetu inaleta karibu miligramu 20 kwa gramu moja ya protini. Nyama ya ng'ombe isiyochakatwa ni kama 8 hadi 10. Ute wa yai ni chini ya 2, kwa kuwa karibu fosforasi yote ya yai imo kwenye kiini. Hakuna chakula cha protini kitakachomfaa kuliko ute wa yai. Asubuhi kaangeni yai moja zima pamoja na ute wa mengine mawili, kwa kitunguu na nyanya kidogo, aanze siku hivyo.

Akitamani kitu chenye umbo la soseji, tengenezeni kababu nyumbani. Nyama ya kusaga nusu kilo, ute wa mayai mawili wa kushikisha, kitunguu kilichokatwa vidogo na kukamuliwa maji, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba, giligilani na maji ya ndimu. Chumvi robo kijiko cha chai itoshe nusu kilo yote. Nyama ioneni imesagwa mbele yenu. Sukeni kwenye vijiti au mfinyange kwa mkono, muache kwenye friji nusu saa ili zishikane, kisha mzikaange kwa mafuta kidogo au mzichome. Zitasinyaa na kuwa kavu kuliko soseji ya dukani. Huko ndiko kusinyaa ambako fosfeti iliwekwa kukuzuia, kwa hiyo ni dalili njema. Mkitaka kupunguza fosforasi zaidi, zichemsheni kwanza kwenye maji mengi ndipo mzichome, na yale maji yamwageni, maana sehemu ya fosforasi ya nyama huhamia humo. Usiyafanye mchuzi.

Msitumie njia hiyo ya kuchemsha kama ruhusa ya kuendelea na soseji za dukani. Ni kweli fosfeti ya kuongezwa huyeyuka kwenye maji, lakini soseji ina ganda na imeundwa makusudi ili isiachie maji yake. Kiasi kitakachotoka hakitabiriki.

Maharage yanaweza kurudi, kwa idhini ya daktari au mtaalamu wa lishe wake, na sharti liko kwenye kipimo cha potasiamu wala si cha fosfeti. Potasiamu ikiwa ndani ya kiwango, nusu kikombe mara mbili au tatu kwa wiki, yaliyolowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yakamwagwa, na ya kuchemshia mara ya kwanza nayo yakamwagwa. Dagaa ni suala jingine. Wanaliwa na mifupa, na mfupa wenyewe ni kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo hapo mlikata vizuri na msiwarudishe. Samaki mkubwa, sato au sangara asiye wa kukaushwa, kipande cha ukubwa wa kiganja, anafaa.

Kwenye kinywaji, kwanza kuna hesabu ya maji. Nusu lita ya soda yoyote inaweza kuwa sehemu kubwa ya maji aliyopangiwa kwa siku nzima, kwa hiyo akinywa soda nyeupe iwe glasi ndogo na ihesabiwe. Pili, na hili nalisisitiza, msiache kola mkahamia madafu, maji ya ukwaju, juisi ya embe au ya pasheni kwa kuwa ni vya asili. Vina potasiamu nyingi. Fosfeti ya juu inaharibu kwa miaka, potasiamu ya juu inaweza kusimamisha moyo leo usiku. Vipande vya barafu vilivyogandishwa na maji ya ndimu vinakata kiu vizuri kuliko soda na vina maji machache.

Ili mjue kama imefanya kazi, badilisheni jambo hili moja kwa wiki nne. Vidonge vibaki vilevile, ratiba ya mashine ibaki ileile, msirudishe maharage bado. Damu ya kipimo itolewe kabla ya kuunganishwa na mashine, na ikiwezekana siku ileile ya wiki kama safari iliyopita, kwa kuwa baada ya mapumziko marefu namba hupanda na baada ya kusafishwa hushuka kwa muda. Fosfeti na potasiamu zikitoka juu ghafla zote mbili, ulizeni kama chembe za damu zilipasuka kwenye chupa ya sampuli, maana damu ya namna hiyo huzipandisha zote bila mgonjwa kuwa na tatizo, na kipimo hurudiwa.

Ikishuka hadi karibu na 1.8, mnaendelea na daktari ataangalia dozi. Isiposhuka kabisa baada ya wiki nne za kweli, fosfeti inaingia kupitia mlango mwingine. Tazameni jibini ya vipande vya kufungwa kwenye karatasi, krimu ya unga ya kutia kwenye chai na keki au mandazi ya baking pauda, ambayo mara nyingi huumuka kwa fosfeti. Mandazi ya hamira hayana shida hiyo. Kama hayo nayo hayapo, mwombeni daktari apime homoni ya paratiroidi. Ikiwa juu sana, fosfeti inatoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na hapo hakuna chakula cha kukata kitakachoishusha, inahitaji dawa na pengine saa zaidi kwenye mashine. Siku ya kwenda kliniki beba pakiti zenyewe za kila anachokula, hata zilizokwisha, badala ya kumtajia mtaalamu majina ya vyakula kwa mdomo.